Nakala iliyofifia, wino wa nyuma umetokea mbele: alama hii ni ya upande gani?

*"Nina karatasi ya mazoezi ya hesabu, fotokopi ya fotokopi, imechapwa pande zote mbili. Mbele pamefifia sana, na nyuma mtu amejaza majibu kwa kalamu ya bluu mpaka wino umetokea upande huu. Nikiipiga picha na kuikoleza, uchafu wa nyuma nao unakolea. Shida yangu kubwa ni alama ndogo: nukta, kutoa, kujumlisha. Asili haipo tena. Naisomaje bila kubahatisha?"*

Usianze kwa kuikoleza. Kukoleza ni hatua ya mwisho, na umekwisha kuona sababu: mashine haijui mstari upi ni wa mbele na upi umetoka nyuma, kwa hiyo inakoleza yote kwa pamoja. Kazi ya kwanza ni kuamua kila alama yenye utata ni ya upande gani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mezani kwa karatasi nyeusi, tochi na rula, kabla hujagusa kompyuta.

Tafuta karatasi nyeusi isiyong'aa, manila kwa mfano, yenye ukubwa wa kutosha kufunika A4 nzima. Ilaze mezani, weka karatasi yako juu yake, mwanga utoke mbele tu. Utaona papo hapo kwamba sehemu ya maandishi ya nyuma imepungua nguvu. Karatasi yenyewe itaonekana ya kijivu kidogo, na hilo halina neno.

Sababu ni hii. Mwanga unaopiga karatasi haurudi wote kutoka juu; sehemu yake hupenya na kutokea chini. Chini pakiwa peupe, mwanga ule unagonga na kurudi, ukipita kwenye maandishi ya nyuma mara mbili, kwenda na kurudi. Palipo na maandishi unamezwa, pasipo na maandishi unarudi kwako, na tofauti hiyo ndiyo kivuli unachokiona. Ukiweka cheusi chini, mwanga unamezwa kila mahali sawasawa, na kivuli kinakosa cha kujitofautisha nacho. Ndiyo maana mahali pabaya kuliko pote pa kusomea karatasi ya aina hii ni juu ya rundo la karatasi nyingine nyeupe.

Jaribio hilo hilo linakupa utambuzi wa kwanza. Kilichofifia au kutoweka juu ya karatasi nyeusi ni kivuli tu: kiko nyuma, ulikuwa unakiona kwa kuwa karatasi ni nyembamba. Kilichobaki vilevile kimeshafika mbele. Wino wa chapa ya fotokopi haupenyi karatasi, kwa sababu si maji. Ni unga wa plastiki na rangi nyeusi, tona, ulioyeyushwa kwa joto ukagandia juu. Kwa hiyo chapa ya nyuma daima ni kivuli, na cheusi kinaishughulikia. Wino wa kalamu ya jeli, kalamu ya kuchovya au makapeni ni majimaji, unafuata nyuzi za karatasi mpaka upande wa pili. Huo cheusi hakiufuti. Karatasi yako, kwa maelezo yako, ina vyote viwili kwa pamoja, na kila kimoja kina dawa yake.

Sasa zima taa ya juu, washa tochi, na uilaze karibu na ukingo wa karatasi ili mwanga uteleze juu ya uso wake badala ya kuupiga kutoka juu. Sogeza kichwa chako, au inua ukingo mmoja wa karatasi, mpaka uone maandishi yanang'aa. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Unga ulioyeyuka una mng'ao kidogo na umekaa juu ya karatasi. Wino wa kalamu umezama ndani na hauna mng'ao. Herufi ambayo ukiitazama moja kwa moja ni kijivu hafifu, ukiipata kwa pembe inajitokeza yenye kumetameta, na doa la bluu lililopita juu yake halimetimeti. Hata pale makapeni nyeusi ya nyuma imevamia herufi nyeusi ya mbele, rangi kwa rangi zikawa sawa, mng'ao unaweza kuzitenganisha.

Mwanga huo wa pembeni unaonyesha na kitu kingine. Kalamu ya kawaida ya mpira hupenyeza wino mara chache, lakini inakandamiza. Mtu akiandika nyuma kwa nguvu, mbele hutokea tuta jembamba, na tuta hilo chini ya mwanga wa pembeni lina kivuli kinachofanana kabisa na mstari uliochapwa. Pitisha ncha ya kidole. Tuta maana yake kalamu ilikandamiza kutoka nyuma. Mfereji maana yake iliandika upande huu. Pakiwa laini, ni chapa au ni wino uliopenya wenyewe.

Ukiwa na kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara 10 hivi, angalia kingo za alama. Tona iliyofifia inaonekana kama punje nyeusi zilizotawanyika, nyingine zimeruka nje ya mstari, na kila punje ina mpaka mkali. Wino uliopenya hauna punje. Una kingo zenye manyoya, umetambaa kufuata nyuzi, na katikati ya mstari huwa umekolea kuliko pembeni. Ukishaona punje na manyoya mara mbili tatu kwenye maneno unayoyajua, utaanza kuzitofautisha bila kufikiri.

Jicho tupu nalo lina kigezo kimoja kizuri: mwinamo. Maandishi ya nyuma yanakufikia yakiwa yamegeuzwa kama kwenye kioo. Mwandiko wa mkono unaoinamia kulia, kwa kivuli unainamia kushoto. Kwa hiyo katikati ya herufi za chapa zilizosimama wima, kijiti kinacholalia kushoto kinastahili kushukiwa mara moja.

Baada ya hayo yote zitabaki alama chache zenye ubishi, labda tano au sita kwa ukurasa. Hizo zipimwe kwa rula. Alama iliyoko milimita 62 kutoka ukingo wa kushoto wa mbele, ikiwa imetoka nyuma, lazima iwe milimita 62 kutoka ukingo wa kulia ukigeuza karatasi kama ukurasa wa kitabu, na umbali kutoka juu uwe uleule. Geuza, pima, tazama kuna nini pale. Pakiwa na wino wa kalamu wenye umbo linalolingana, umepata mwenye alama. Pakiwa peupe, alama ni ya mbele.

Kuna mtego mmoja hapa. Fotokopi za pande mbili nyingine huchapwa kwa kugeuzwa kama kalenda ya ukutani, juu kwenda chini. Ikiwa ndivyo, maandishi ya nyuma yanakutokea yakienda kushoto kwenda kulia kama kawaida ila yamepinduliwa kichwa chini. Hapo igeuze nawe vivyo hivyo: umbali wa kushoto unabaki wa kushoto, lakini kilichokuwa umbali kutoka juu unakipima kutoka chini. Tambua kwanza karatasi yako ni ya aina gani, vinginevyo utapima kwa bidii na kupata majibu yasiyo na maana.

Nichukue mfano unaofanana na wako. Swali la nne linaonekana hivi: 3x, kisha alama, kisha 7 = 2(x + 4). Alama ile kwa macho ni kujumlisha: mstari wa kulala na kijiti cha kusimama, vyote hafifu. Wengi wangeendelea wakisema, "Nitatatua, jibu litaniambia." Jaribu. Ikiwa ni kujumlisha, 3x + 7 = 2x + 8, x ni 1. Ikiwa ni kutoa, 3x − 7 = 2x + 8, x ni 15. Majibu yote mawili ni namba kamili, yote yanakubali ukiyarudisha kwenye swali: ya kwanza inatoa 10 pande zote, ya pili 38. Hesabu haikuamulii kitu. Kujua somo kunasaidia kukataa yasiyowezekana, lakini pakiwa na mawili yanayowezekana, karatasi yenyewe ndiyo shahidi.

Weka juu ya cheusi. Mstari wa kulala unabaki, kijiti kinabaki pia, kwa hiyo hakuna kati yao kilicho kivuli tu. Washa tochi pembeni: mstari wa kulala unametameta, kijiti hakimetimeti. Kwenye kioo cha kukuzia mstari una punje, kijiti kina manyoya, tena kimelalia kushoto kidogo. Pima: kijiti kiko milimita 62 kutoka kushoto na 118 kutoka juu. Geuza, hesabu 62 kutoka kulia na 118 kutoka juu, na hapo pamesimama namba 1 ya kalamu ya bluu, imeandikwa kwa kukandamiza. Kijiti ni chake. Swali ni 3x − 7, na x ni 15.

Kinyume chake hutokea pia, na ni kibaya zaidi: swali lilikuwa na kujumlisha, kijiti kikapotea katika vizazi vya fotokopi, kikabaki kistari cha kutoa. Kila fotokopi ya fotokopi hupoteza kwanza vilivyo vyembamba na vidogo: nukta za desimali, mstari wa katikati wa herufi e, mkia wa 7, kijiti cha kujumlisha. Vinene hubaki. Ukishuku hivyo, linganisha na alama nyingine ya aina ileile kwenye ukurasa huohuo ambayo huna shaka nayo. Alama ya kujumlisha ndani ya mabano, kwenye x + 4, ina vijiti vya unene gani? Ikiwa mle kijiti kimesimama vizuri na eneo lile halijafifia zaidi, basi kutoa ni kutoa. Ikiwa eneo la swali limo ndani ya mlia mweupe unaoshuka ukurasa mzima, mlia ambao mashine huacha tona inapokaribia kwisha, usiamini kukosekana kwa kitu chochote ndani ya mlia huo. Tafuta punje moja mbili kwa kioo cha kukuzia juu na chini ya kistari.

Nukta zinahitaji hadhari ya pekee. Mtu akisimamisha kalamu mahali kwa nukta moja, wino hutua mwingi pale, kwa hiyo nukta na ncha za mistari ndizo hupenya kwa nguvu kuliko sehemu nyingine za mwandiko. Mstari mzima wa nyuma unaweza kubaki nyuma, ikatokea mbele ile nukta yake peke yake, na 25 ikageuka 2.5. Mbali na hiyo kuna madoa ya mashine: uchafu juu ya kioo cha fotokopi hujirudia mahali palepale kwenye kila ukurasa ulionakiliwa siku ile. Kama una kurasa nyingine za seti hiyo, zipandanishe juu ya kioo cha dirisha. Nukta inayoonekana mahali pamoja kwenye kurasa mbili tofauti si ya hesabu.

Na kama mtu yeyote ana nakala nyingine ya karatasi hiyohiyo, hata iliyofifia kuliko yako, iombe. Chapa ya mbele itakuwa ileile, lakini wino wa kalamu wa nyuma hautakuwa mahali palepale. Nakala mbili mbovu zikiwekwa bega kwa bega husomeka kuliko moja nzuri kidogo.

Sasa kompyuta. Tumia skana ya kulaza ikiwezekana. Weka karatasi yako kwenye kioo, juu yake weka ile manila nyeusi, kisha funika. Chagua rangi kamili, nukta 300 kwa inchi, na uhifadhi kwa PNG au TIFF. Usichague hali ya nyeusi na nyeupe tupu: hali hiyo huamua palepale kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, na chapa yako hafifu itahukumiwa kuwa nyeupe bila rufaa. Programu za simu za kunasa hati hufanya kosa lilelile zikijiita zinasafisha. Ukilazimika kutumia simu, piga picha ya kawaida, zima mwako, na kaa mbali kidogo kisha ukaribishe kwa lenzi ili kivuli cha mkono wako kisianguke juu ya karatasi. Scan pande zote mbili, nyuma utaihitaji. Nitaziita `mbele.png` na `nyuma.png`.

Kwa nini rangi, wakati chapa ni nyeusi? Kwa sababu adui wako ni wa bluu. Picha ya rangi ni picha tatu za kijivu zilizobebana: nyekundu, kijani na bluu. Wino wa bluu unameza mwanga mwekundu na kurudisha wa bluu, kwa hiyo kwenye picha ya mkondo wa bluu wino huo unapauka, ilhali tona nyeusi inabaki nyeusi kwenye mikondo yote mitatu. Kwa programu ya ImageMagick ni amri moja:

```
magick mbele.png -channel B -separate bluu.png
```

Wino wa nyuma ungekuwa mwekundu, ungechukua R. Wa zambarau, jaribu R na B uone upi umepauka zaidi. Wa kalamu nyeusi hauna mkondo wa kuponea, na hapo unarudi kwenye tochi na rula. Mkondo wa bluu ndio wenye chengachenga nyingi kuliko yote, hasa kwenye picha za simu zilizobanwa kwa JPEG, kwa hiyo usishangae ukiona ukungu wa punje. Asiye na kompyuta anaweza kupata sehemu ya faida hiyo kwa kutazama kupitia plastiki angavu ya rangi ileile ya wino: nyekundu juu ya wino mwekundu hufanya kazi vizuri sana, bluu juu ya bluu iliyokolea hufanya kiasi tu.

Kabla ya kukoleza, pima. Fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri yenye kifaa cha kudonoa rangi, na usome thamani, kwa kipimo cha 0 kwa nyeusi hadi 255 kwa nyeupe, mahali patatu: karatasi tupu, herufi hafifu kuliko zote unayoihitaji, na wino wa nyuma. Tuseme kwenye picha ya kijivu ya kawaida ulipata karatasi 225, herufi 165, wino wa nyuma 160. Wino wa nyuma umekolea kuliko herufi. Hakuna kitufe cha kukoleza duniani kitakachozitenganisha, kwa maana popote utakapokata, wino utapita kabla ya herufi. Hicho ndicho kilichokuwa kinakusumbua. Kwenye mkondo wa bluu tuseme karatasi ni 220, herufi 165, wino 200. Sasa kuna pengo la 35, na unakata katikati yake: kila kilichozidi 195 kiwe nyeupe, kila kilicho chini ya 140 kiwe nyeusi, vilivyo katikati vitandazwe. Kwa asilimia za 255 ni 76 na 55:

```
magick bluu.png -level 55%,76% safi.png
```

Herufi yako ya 165 inaangukia karibu katikati, kijivu kinachosomeka, na wino unayeyuka kwenye weupe. Tumia namba zako, usinakili zangu.

Ikiwa mwanga haukuwa sawa, au karatasi imejikunja na kona moja ni nyeusi kuliko nyingine, kata moja haitafaa ukurasa mzima. Gawanya kwanza picha kwa nakala yake iliyofifishwa sana, ili usuli uwe sawa kila mahali, kisha upime upya:

```
magick bluu.png \( +clone -blur 0x40 \) -compose Divide_Src -composite sawa.png
```

Amri hizi zenye mabano ni za terminali ya Linux au Mac. Kwenye Windows ondoa mikwaju iliyo mbele ya mabano na ile ya mwisho wa mistari, kisha uandike amri yote kwenye mstari mmoja.

Mkondo wa rangi ukishindwa, au ukiacha mabaki, ndipo picha ya nyuma inapokuja kufanya kazi. Wazo ni kuigeuza nyuma kama kioo, kuipausha mpaka nguvu yake ilingane na kile kilichotokea mbele, kisha kuigawa nje ya picha ya mbele. Ugumu wote uko kwenye kulinganisha. Katika nukta 300 kwa inchi, milimita moja ni karibu pikseli 12, na unene wa mstari wa kalamu haufiki hapo. Ukikosea nusu milimita utapata vivuli viwili badala ya kufuta kimoja. Kata picha zote mbili sawasawa na kingo za karatasi (manila nyeusi inakuonyesha kingo hizo vizuri) na uzilazimishe kuwa na ukubwa mmoja, 2480 kwa 3508 kwa A4. Halafu:

```
magick mbele.png -channel B -separate +channel \
  \( nyuma.png -channel R -separate +channel \
     -flop -blur 0x2 +level 80%,100% \) \
  -compose Divide_Src -composite tofauti.png
```

Angalia kwamba mbele nimechukua B na nyuma nimechukua R. Mbele tunataka wino wa bluu uwe hafifu iwezekanavyo; nyuma tunautaka uwe mweusi iwezekanavyo, maana ndio ramani ya kinachofutwa. `-flop` inageuza kushoto na kulia. Kwa karatasi iliyochapwa kama kalenda, weka `-flip`. `-blur` ipo kwa sababu mwanga na wino hutawanyika ndani ya karatasi, kwa hiyo kinachofika mbele kina kingo laini kuliko asili yake.

Ile 80% ndiyo ya kuchezea. Ikiwa mahali pa wino wa nyuma pamegeuka peupe kuliko karatasi, kama mwandiko wa chaki, umefuta kupita kiasi; panda hadi 88. Ikiwa wino bado upo, shuka hadi 70. Ukiona upande mmoja wa kila herufi mweupe na upande wa pili mweusi, kama imechongwa, nguvu ni sawa ila picha hazijapandana. Ongeza `-roll +3-2` baada ya `-flop`, yaani pikseli 3 kulia na 2 juu, na urudie mpaka mchongo upotee. Kivuli cha chapa hufutika vizuri kwa njia hii kwa sababu kina nguvu ileile ukurasa mzima. Wino uliopenya hauko hivyo. Pale kalamu iliposimama umepita mwingi, pale ilipoteleza umepita kidogo, na hakuna asilimia moja itakayotosha. Usipoteze jioni nzima ukitafuta. Futa kwa eneo la swali moja unalolitaka, acha mengine.

Jambo moja kuhusu kila picha iliyosafishwa: ni ya kusomea, si ya kuamulia. Kugawa kunaweza kufuta kistari halali cha mbele kilichopandana na mstari wa nyuma, au kukuachia nukta ambayo haikuwahi kuwepo. Alama yoyote unayoiona kwenye `safi.png` au `tofauti.png` peke yake, irudie kwenye karatasi kwa tochi kabla ya kuiandika.

Ukiwa huna kompyuta ila una mashine ya fotokopi, weka manila nyeusi nyuma, chagua hali ya maandishi, na ukuze 141%, kutoka A4 kwenda A3. Ukuzaji hauongezi kilichopotea, ila unatenganisha mistari iliyobanana na kukupa nafasi ya kuandikia. Kiwango cha kukoleza pandisha hatua moja tu, utazame, kisha uamue kama kuna haja ya ya pili.

Unaponakili upya, andika kwenye karatasi nyingine, kamwe usipite juu ya herufi za asili kwa kalamu. Ukikosea mara moja umeua ushahidi wa mng'ao na punje. Palipobaki na shaka andika yote mawili ndani ya mabano ya mraba, mfano [7 au 1], na ueleze kwa neno moja kwa nini: "mlia mweupe", "nukta ya nyuma". Kisha tatua kila swali kwa kila usomaji unaowezekana. Usomaji unaotoa urefu hasi wa upande wa pembetatu, au jibu lisilolingana na sehemu ya pili ya swali hilohilo, unaondoka. Hapo ndipo hesabu inakuwa na sauti, baada ya karatasi kusema yake.

Karatasi yenyewe usiilowanishe. Maji yatausogeza wino wa kalamu zaidi kuja mbele. Usiipige pasi, kwa kuwa joto hulainisha tona. Ufutio nao uwe mbali: tona iliyofifia mara nyingi haikushika vizuri na hutoka kwa kusuguliwa. Ukitaka kuihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, epuka ule laini wenye harufu, wa PVC. Plastiki hiyo hulainisha tona, na siku utakapoivuta karatasi, herufi chache ulizokuwa nazo zitakuwa zimegandia kwenye mfuko.